Shajara ya mradi: kuondoa chokaa kwenye mabirika na koki za nyumba ya wageni, Jambiani

Nyumba ni ya mjomba, mimi ndiye msimamizi. Kila chumba kina birika la umeme, na jikoni kuna moja kubwa ambalo halipumziki tangu alfajiri. Naandika kila hatua inapokamilika ili wenye nyumba wenzangu wa pwani hii wanaosumbuliwa na jambo hili wapate pa kuanzia. Bei zote ni za shilingi ya Tanzania, kama nilivyonunua mwenyewe.

2 Agosti 2025: kujua tunapambana na nini

Malalamiko ya wageni ni yaleyale: chai ina vipande vyeupe vinavyoelea, kama maganda ya yai. Koki ya sinki la jikoni nayo imeanza kurusha maji pembeni badala ya kuyateremsha.

Maji yetu ni ya kisima, na kisima kimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe kama visima vingi vya upande huu wa Unguja. Matumbawe ni chokaa tupu. Mvua inapozama ardhini hubeba hewa ukaa, ikawa na ukali kidogo, na kwa ukali huo ikayeyusha mwamba polepole. Chokaa inakaa majini bila kuonekana. Ukichemsha maji, hewa ukaa inatoka, na chokaa iliyokuwa imeyeyuka kwa msaada wake inarudi kuwa jiwe na kushika palipo na moto zaidi, yaani sakafu ya birika. Kwenye koki hakuna moto, ila kila tone linalokauka mdomoni linaacha chokaa yake.

Kabla ya kununua chochote nilijaribu kidogo. Nilikwangua kipande kutoka birika la jikoni nikakiweka kwenye kisahani, nikadondoshea siki. Kikachemka povu palepale na baada ya dakika chache hakikuwepo. Hiyo ni chokaa, na tindikali ya jikoni itaimaliza. Jaribio hili msiliruke, kwa sababu si kila cheupe ni chokaa. Chumvi ya kawaida, ambayo visima vya karibu na bahari huwa nayo, huondoka kwa maji matupu. Na kama unadondosha siki na hakuna povu hata dogo, huenda una jasi au mchanga ulioganda, na hapo utamwaga siki mpaka ukome bila kufika popote.

Kisha nikapima birika la jikoni kwenye mizani ya keki, likiwa tupu na kavu kabisa, bila kitako chake cha umeme: gramu 1,046. Namba hii itatusaidia baadaye.

Ununuzi wa leo: siki nyeupe chupa mbili za mililita 700, iliyoandikwa asilimia 5, kila moja 2,500. Unga wa sitriki, robo kilo, 3,000, kutoka duka la viungo Darajani. Ni uleule wanaotia kwenye juisi na achari. Glavu za mpira 2,000.

Unga wa sitriki unafanana na sukari kiasi cha kutisha. Nimeutia kwenye kopo lenye mfuniko wa kukaza, nikaandika SI SUKARI kwa wino mzito pande mbili, nikauweka kabati la sabuni, mbali na vyakula. Ni kitu cha kuliwa kwa kiasi kidogo, lakini kijiko kizima kwenye chai ya mgeni ni balaa, na vumbi lake likiingia jichoni linachoma. Likikuingia, osha jicho kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15, usilifikiche.

3 Agosti: birika la chumba namba mbili, kwa siki

Nilianza na lenye ukoko mwembamba. Nilichomoa waya ukutani, nikatoa kile kichujio cha wavu mdomoni na kukiloweka pembeni kwenye kikombe cha siki. Ndani ya birika nikatia siki nusu lita na maji ya moto nusu lita, yale ya kwenye chupa ya chai. Sikuwasha umeme. Siki ikichemshwa mvuke wake unakaba koo na unakata macho, na jiko letu halina dirisha kubwa.

Povu lilianza taratibu kutoka chini, mistari ya vitone kama soda iliyofunguliwa muda mrefu. Baada ya saa moja nilimwaga. Sakafu ilikuwa safi kwa sehemu kubwa, ila ukingoni, pale sakafu inapokutana na ukuta wa birika, ulibaki mzingo. Nikarudia kwa siki kidogo iliyobaki, safari hii nikaliinamisha birika juu ya taulo ili siki yote ikae upande mmoja, nikawa naligeuza. Mzingo ukatoka.

Suuza mara kadhaa, chemsha maji matupu mara moja, mwaga. Harufu ilibaki kidogo hata hivyo, nikachemsha tena. Kazi nzima imekula karibu chupa ya siki, kwa birika lenye uchafu mdogo. Siki inafanya kazi vizuri na haina vituko, lakini kwa mabirika yote hesabu yake haitakaa.

9 Agosti: birika la chumba namba nne, sitriki ya kuchemsha

Hapa ndipo penye somo la mradi wote.

Maelekezo niliyoambiwa na karibu kila mtu ni haya: tia vijiko viwili vya sitriki, jaza maji, chemsha, acha hadi asubuhi. Nikafuata hivyohivyo. La kwanza, birika lilifura. Hewa ukaa inayotoka kwenye chokaa pamoja na mchemko vilipanda kwa kasi, povu likamwagika mdomoni na kuteremka hadi kwenye kitako cha umeme. Bahati nzuri mkono ulikuwa karibu na swichi ya ukutani. Kitako kimekaushwa juani kutwa nzima kabla ya kurudishwa kazini.

La pili lilionekana asubuhi. Maji yalikuwa meupe kama ya kunawia mchele, na ukuta wa ndani wa birika, ambao jana ulikuwa na ukoko wa njano chini tu, sasa ulikuwa na utando mweupe usiong'aa kuanzia chini mpaka mstari wa maji. Yaani lilikuwa limechafuka zaidi kuliko lilivyoanza.

Nilimpelekea fundi wa maji wa hapa kijijini, mzee ambaye amefungua koki za nyumba nyingi za ufukwe huu.

"Shikamoo mzee. Hebu litazame hili birika."

"Marahaba. Umelitia sitriki ukalichemsha?"

"Ndiyo, kama walivyosema."

"Basi hiyo chokaa imebadili nguo tu, haijaondoka."

Na ndivyo ilivyo. Sitriki inapokula chokaa hutengeneza chumvi mpya, kalsiamu sitrati. Tindikali ikiwa nyingi na maji yakiwa ya baridi, chumvi hii hubaki imeyeyuka kwa muda wa kutosha ukaimwaga. Lakini ina tabia ya kinyume: chumvi nyingi huyeyuka zaidi kwenye maji ya moto, hii huyeyuka kidogo zaidi kadiri maji yanavyopata moto. Ukichemsha, inajitenga na maji na kushika ukutani. Ukiiacha usiku kucha wakati tindikali imeshatumika, hivyohivyo, hata bila moto. Nilikuwa nimefanya yote mawili kwa pamoja. Si sumu, kwani ndiyo hiyohiyo inayouzwa madukani kama vidonge vya kuongeza kalsiamu, lakini birika la mgeni halifai kuonekana hivyo.

Siki haina tatizo hili. Chumvi inayozaliwa na siki na chokaa huyeyuka kwa wingi majini, ndiyo maana siki unaweza kuipasha na kuisahau bila kukuta utando.

Kurekebisha: utando ukiwa bado mbichi hutoka kwa sponji laini, ndiyo kazi ya kwanza, kabla haujakauka. Usitumie steliwaya, itachora chuma na chokaa ijayo itapata pa kushika. Kilichobaki nikakiwekea sitriki mpya ya baridi, vijiko viwili vya chakula kwa lita moja, nikamwaga baada ya nusu saa na kuweka nyingine. Utando ulipungua sana, ila zimebaki alama za mawingu ukutani zinazoonekana ukielekeza tochi. Mgeni hatoziona.

10 Agosti: birika kubwa la jikoni, sitriki ya baridi

Leo nilipanga kiasi cha unga kulingana na kiasi cha ukoko, nikaacha kukisia kwa vijiko.

Kwa hesabu ya kitabuni, gramu moja ya sitriki inaweza kumaliza karibu robo tatu ya gramu ya chokaa. Ukifika huko, hata hivyo, tindikali imeisha nguvu na ule utando mweupe unakaribia. Kwa hiyo mimi nahesabu theluthi: gramu tatu za unga kwa kila gramu moja ya chokaa. Birika hili lilipokuwa jipya hatukulipima, kwa hiyo sikujua lina ukoko kiasi gani. Nikaanza na gramu 50 kwenye lita moja ya maji.

Maji nilitumia ya uvuguvugu wa kuogea mtoto, siyo zaidi. Yakiwa baridi kabisa kazi inakwenda, ila polepole. Yakiwa ya moto tunarudi kwenye habari ya jana. Unga huyeyushwa kwanza pembeni kwenye jagi, ndipo maji yanatiwa kwenye birika, yasizidi nusu yake ili povu lipate nafasi. Mfuniko uko wazi, waya umechomolewa, na kwenye kishikio nimefunga kitambaa chekundu ili mtu asipite akaliwasha kwa mazoea.

Povu la sitriki ni kali kuliko la siki. Ukitega sikio unasikia linavyochachatika. Baada ya kama dakika 20 kipande kizima cha ukoko, upana wa nusu kiganja, kiling'oka kutoka sakafuni na kuelea, kikiwa na alama ya mviringo wa sakafu upande wa chini. Nikakitoa kwa kijiko. Kipande kilichokwisha kung'oka hakina haja ya kuyeyushwa, ni kupoteza unga bure.

Saa moja ilipotimia maji yalikuwa yameanza kufifia, si meupe ila hayapenyezi mwanga vizuri. Hiyo ndiyo dalili ya kumwaga, hata kama povu bado lipo. Nikasuuza, nikakausha kwa kitambaa na kuliacha juani, nikapima: gramu 1,030. Zimetoka 16. Nikarudia na gramu 30 za unga mpya kwenye lita moja. Povu lilikuwa dogo na kwenye dakika ya 40 lilikoma kabisa. Mizani ikasoma 1,022, na chuma kikaonekana chote, hata zile namba ndogo zilizogongwa sakafuni ambazo hakuna aliyewahi kuziona hapa.

Kwa hiyo ukoko wote ulikuwa gramu 24, na unga uliotumika gramu 80, ambao ni kama shilingi 960. Kazi hiyohiyo kwa siki ingetaka zaidi ya lita moja, yaani chupa mbili, shilingi 5,000. Nimekata shauri: mabirika yote yaliyobaki ni sitriki ya uvuguvugu, saa moja, kisha kumwaga.

Maji yaliyotumika tuliyamwaga kwenye choo cha kuvuta, nacho kina mstari wake wa chokaa ambao haukosi kufaidika. Kuhusu choo hicho soma chini, tarehe 23.

Birika la plastiki na la kioo yanafuata utaratibu huohuo. Kwa sufuria na mabirika ya alumini ya mkaa sikubali. Tindikali inakula alumini yenyewe, inaiacha na vitobo vidogo na weusi. Huko bora ukwangue kwa mwiko wa mbao, na kinachobaki kibaki.

16 Agosti: koki

Koki ya jikoni kwanza. Kile kichujio cha mdomoni, kipete kinachozungushwa, kilikuwa kimeshikana na chokaa kama kimechomelewa. Fundi alinizuia nisitie spana kwa nguvu. Shaba ya mdomoni ni nyembamba na ikipinda hakuna kipete kitakachoshika tena. Alikata chupa ya maji ya plastiki katikati, akatia siki kwenye nusu ya chini, akaizamisha mdomo wa koki humo na kuifunga kwa kamba kwenye shingo ya koki. Watu wengi hufundisha kutumia mfuko wa plastiki, lakini huku mifuko hiyo imekatazwa miaka mingi, na chupa inakaa vizuri zaidi.

Nusu saa baadaye kipete kilizunguka kwa mkono, kwa kitambaa tu. Ndani kuna vipande vitatu: kikombe cha chuma, wavu, na mpira mdogo mweusi. Vikumbukwe mpangilio wake, nilivipiga picha kabla ya kuvitenganisha. Wavu ulikuwa umezibwa na mchanganyiko wa chokaa na chembe za mchanga. Wavu na kikombe viliingia kwenye sitriki, kijiko kimoja kwa kikombe cha maji, kwa nusu saa, kisha mswaki wa zamani. Mpira nikauosha kwa maji matupu na kuuweka kando. Baadhi ya mipira huvimba kwenye siki, na mpira ukivimba koki inavuja.

Maji sasa yanashuka wima. Hakuna kilichonunuliwa.

Koki za mabafuni ndizo zilizoleta hasara. Chokaa ilikuwa shingoni na kwenye mizizi ya koki, ambako chupa haifiki, kwa hiyo nikazungushia vitambaa vilivyoloweshwa siki. Vitambaa vikadondosha. Mabeseni yetu mawili ni ya terazo, ile ya saruji na vipande vya marumaru, na marumaru ni chokaa vilevile. Siki haiwezi kujua ni chokaa ipi umeichukia. Tulipoondoa vitambaa kulikuwa na doa lililopoteza mng'ao, ukubwa wa sarafu, na ukipitisha kidole unahisi ukwaru. Doa hilo halisafishiki, maana si uchafu, ni jiwe lililoliwa. Fundi wa terazo alitaka 15,000 kulisugua kwa jiwe la kung'arishia, na tumelipa.

Kwa beseni la pili tulibadili utaratibu. Kwanza taulo nene lililoloweshwa maji ya magadi soda linalazwa kuzunguka koki, ili tone la siki likianguka lizimwe hapohapo. Kitambaa cha siki kinakamuliwa mpaka kisidondoshe, kinazungushwa, na kinakaa dakika 20 tu. Hakuna kilichoharibika. Tahadhari hiyohiyo inahusu kuta za chokaa za nyumba za mawe, sakafu za marumaru, na ile saruji nyeupe kati ya vigae. Nyumba ikijengwa kwa matumbawe, tindikali haina rafiki ndani yake isipokuwa vigae na chuma.

Koki moja ya zamani ilikuwa imebanduka kromu kwenye kona. Pale palipobanduka, baada ya kitambaa kukaa, shaba ya njano iligeuka kuwa na wekundu. Tindikali inavuta zinki iliyomo kwenye shaba ya njano na kuacha shaba nyekundu. Kwa mara moja si janga, lakini koki ya namna hiyo sasa inafutwa tu kwa kitambaa chenye siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, inasuuzwa papo hapo. Koki nyeusi na za rangi ya dhahabu za vyumba vya juu hatukuzigusa kabisa. Ile rangi ni ganda jembamba, na sikuona sababu ya kulipima kwa mali ya mjomba.

Mama mmoja wa jirani alitukuta na vitambaa vyetu akacheka. Yeye hukata ndimu nusu, akaichomeka mdomoni mwa koki na kuondoka kwenda sokoni. Inafanya kazi, kwani maji ya ndimu yana tindikali ileile ya sitriki kwa kiasi cha kama asilimia 5. Kwa koki moja nyumbani sina ubishi naye. Kwa nyumba nzima, ndimu za msimu wa bei ya juu zingetufilisi.

23 Agosti: jiki

Ninaandika hili peke yake kwa sababu ndilo jambo pekee la mradi huu linaloweza kumlaza mtu hospitali.

Dada wa usafi alikuta maji ya sitriki bado yametuama kwenye choo cha chumba namba tano. Kwa mazoea ya kila Jumamosi akamimina jiki juu yake. Nilikuwa ukumbini nikasikia anakohoa. Harufu ilikuwa ile ya bwawa la kuogelea, ila kali mara nyingi zaidi, inashika puani na kifuani kwa pamoja. Jiki ikikutana na tindikali yoyote, iwe siki, ndimu, sitriki au dawa kali ya choo, hutoa hewa ya klorini.

Tulifanya hivi: alitoka nje mara moja, akakaa kwenye upepo. Mimi nilifungua dirisha la bafu kutokea nje, nikafunga mlango na hakuna aliyeingia kwa muda mrefu. Hatukumimina kitu kingine cha "kuua harufu", kwa sababu kila unachoongeza ni kamari mpya. Harufu ilipoisha, niliingia nikavuta maji ya choo mara nyingi. Kikohozi chake kilikwisha kabla ya adhuhuri. Kingeendelea, au kifua kingebana, angepelekwa hospitali siku hiyohiyo, maana madhara ya klorini mapafuni yanaweza kuchelewa kujitokeza.

Tangu leo siku ya chokaa ni Jumapili na siku ya jiki ni Jumatano. Siku ya chokaa chupa za jiki hufungiwa stoo na ufunguo ninao mimi. Maji ya sitriki yakishamwagwa chooni, nusu saa ikitimia choo kinavutwa mara mbili hapohapo, hayaachwi.

Na kwa kuwa watu wameuliza: kuchanganya siki na magadi soda hakudhuru mtu, ila hakusafishi chokaa. Povu lile la kupendeza ni vitu viwili vinavyomalizana vyenyewe kwa vyenyewe, na ukoko unabaki unatazama. Magadi yana kazi moja tu kwenye mradi huu, nayo ni lile taulo.

6 Septemba: kipimo cha kurudia

Birika la jikoni limerudi kwenye mizani, kavu: gramu 1,025. Chini ya mwezi mmoja limeota gramu tatu. Kwa theluthi yangu hiyo ni gramu tisa za unga, tuseme kijiko kidogo kilichojaa kwa kilele na kingine, kwenye lita moja ya uvuguvugu kwa nusu saa. Lilitoka safi bila kusuguliwa. Ukoko mchanga ni laini na unashambuliwa kila upande kwa pamoja, kumbe ule wa miaka ulikuwa umeshikana tabaka juu ya tabaka. Kwa hiyo jikoni ni kila mwezi, na vyumbani kila baada ya miezi mitatu, kwa kuwa mabirika ya huko huchemshwa mara chache.

Tumeongeza pia tabia moja ndogo: usiku birika linamwagwa na kuachwa wazi, badala ya kulala na maji. Sijui bado litapunguza kiasi gani, nitapima mwisho wa Oktoba.

Koki ya jikoni bado inashusha wima. Kichujio chake kilipofunguliwa jana kilikuwa na mchanga tu, hakuna chokaa ya kutaja. Mchanga huo unatoka kwenye tangi, na huo ni mradi mwingine.

Matumizi hadi leo: siki 5,000, sitriki 6,000 (robo ya pili ilinunuliwa kwa vyumba, na imebaki zaidi ya nusu), glavu 2,000, fundi wa terazo 15,000. Jumla 28,000. Fundi wa maji alikataa pesa, akanywa chai.

Kinachofuata ni mabomba ya mvua ya mabafuni. Yale ya kufungua yatalowekwa kwenye ndoo ya sitriki ya uvuguvugu. Mawili yaliyopachikwa ukutani yamezungukwa na chokaa ya nyumba yenyewe, na mpaka sasa sijapata njia ya kuyafikia bila kudondosha.